Ruzuku ya kwanza ya kikundi cha vijana: namna ya kufupisha mwongozo mrefu kwa ukurasa mmoja



Vikundi vya vijana vinatuletea mara kwa mara karatasi za mwito wa ruzuku, na ulizo ni moja: «Hii proje inatuhusu ao haituhusu?» Karatasi hizo ni nyingi, zimeandikwa kwa Kifaransa cha ofisi, na mutu anachoka mbele ya kufika kwenye ukurasa wa kumi. Basi wengi wanasoma paka kichwa na kiasi cha makuta, kisha wanaanza kuandika. Hapo ndipo kazi ya miezi inapotea bure.

Katika makala hii tunachukua mwongozo wa Umoja wa Ulaya, ju ya kuko sababu mbili. Delegasio yake ya Kinshasa inatoa mwito wa maombi kwa mashirika ya inchi yetu, na miongozo yake yote inafuata mpango mumoja. Ukijua kufupisha mumoja, utaweza kufupisha na ule wa mwaka kesho. Tutatumia mfano wa kikundi cha vijana kumi na tano wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, wanaolima matungulu kwa kiangazi kwenye shamba la kukodi inje ya muji. Kikundi hiki tumekitunga ju ya kufundishia, na bei zake ni za mfano. Lakini kanuni tunazoeleza ni za kweli.

Usianze na mwanzo, anza na kiasi

Mwongozo uko na sehemu mbili kubwa. Sehemu ya 1 inaeleza shabaha ya mwito, mambo yanayotangulizwa na makuta yaliyopo. Sehemu ya 2 inaeleza kanuni: nani anaweza kuomba, kazi gani, gharama gani, namna ya kutuma dosie na namna ya kuihukumu. Nyuma kunafuata fomu.

Vijana wengi wanaangalia jumla ya makuta ya mwito. Hesabu ile haina kazi kwenu. Kinachotakiwa ni mustari mudogo mwishoni mwa sehemu ya 1, wenye kusema kiasi cha chini na kiasi cha juu kwa kila ombi. Ombi lenye kuwa chini ya kiasi cha chini linakataliwa, hata kama wazo ni zuri namna gani.

Kikundi chetu kinahitaji dola 13.000. Tuseme mwongozo unaandika kwamba ombi halitakuwa chini ya euro 200.000. Jibu limekwisha kupatikana kwa dakika tano: kikundi hakiwezi kuwa mwombaji mukubwa. Kuongeza bije mpaka ifike 200.000 ni kujidanganya, ju ya wahukumu wanaangalia pia kama mwombaji ameshatumika na makuta ya kiasi kile.

Lakini mlango haujafungwa. Kuko njia mbili zingine. Ya kwanza ni kuingia kama mwombaji mwenzake wa shirika kubwa. Hapo mnakuwa ndani ya mkataba, mnafanya sehemu ya kazi, na masharti ya mwombaji mukubwa yanawahusu na ninyi. Ya pili ni ile tunayoona inafaa zaidi kwa kikundi cha kwanza: ruzuku ndogo. Shirika lililopata ruzuku kubwa linaweza kuruhusiwa kugawanya sehemu ya makuta kwa vikundi vidogo. Katika mwongozo wanaviita «watu wa tatu». Kwa kawaida kila kikundi hakipati zaidi ya euro 60.000.

Ruhusa hii inaandikwa kwenye fasi yenye kueleza kazi zinazokubalika, mara nyingi namba 2.1.4. Muitafute kwanza. Kama mwongozo unaikubali, shirika kubwa linapashwa kuandika katika ombi lake ni kazi gani zitapata ruzuku ndogo, ni watu wa aina gani, watachaguliwa namna gani, kiasi gani cha juu, na kiasi cha kila mumoja kitahesabiwa namna gani. Maana yake, musingojee mpaka ruzuku ndogo zitangazwe. Mukienda kuonana na shirika wakati bado linaandika ombi lake, linaweza kuingiza kazi za namna yenu katika mpango. Mukija kisha mkataba kutiwa sahihi, orodha imekwisha kufungwa, na matungulu hayamo.

Karatasi ya kikundi: ina nguvu gani?

Swali la pili ni nani anaweza kuomba. Katika miito mingi mwombaji anapashwa kuwa na utu wa sheria, maana yake sheria inakitambua kikundi kama mutu anayeweza kufunga mkataba, kudai na kudaiwa. Mara nyingi wanasema tena kwamba asiwe mwenye kutafuta faida.

Hapa kwetu vijana wanashika karatasi ya komini na wanafikiri inatosha. Karatasi ile inaonyesha kwamba burgumestre anawajua. Haiwapi utu wa sheria. Kwa shirika lisilotafuta faida, ASBL, sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inasema utu wa sheria unatolewa na Waziri wa Haki. Kwa koperative, tunafuata sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010: koperative nyepesi inaanza na wanamemba watano, na inapata utu wa sheria ikiandikishwa katika kitabu cha koperative.

Kumbe njia mbili hizi hazifungui mlango mumoja. Koperative inauzisha mavuno na kugawanya faida kwa wanamemba wake. Mwito wenye kudai «asiyetafuta faida» unaweza kuikataa, na mwingine unaweza kuitaja wazi kati ya wanaokubaliwa. Kikundi chetu bado hakina ile wala hii, kiko paka na karatasi ya komini. Basi kwenye ukurasa wao wa ufupisho wanaandika: «Kuomba wenyewe: hapana. Ruzuku ndogo: tuulize kama kikundi kisicho na utu wa sheria kinakubaliwa, ao tuingie chini ya koperative yetu kubwa.»

Ulizo la namna hii lisibaki kichwani. Katika miito hii mtu anaweza kutuma maulizo kwa maandishi mpaka siku 21 mbele ya tarehe ya mwisho, na majibu yanatolewa kwa watu wote mpaka siku 11 mbele yake. Kama ukurasa wenu wa ufupisho hauko tayari mbele ya siku 21 zile, mmekosa haki ya kuuliza. Hii ndiyo sababu ya kufupisha mapema.

Na kitu kingine: kutuma dosie hakulipishwi. Mutu mwenye kuwaomba makuta ya «kufungulisha dosie» Kinshasa hatumiki kwa mwito huu. Mumukatae.

Gharama: hapa ndipo akiba ya kikundi inaweza kupotea

Sehemu ya gharama zinazokubalika, mara nyingi namba 2.1.5, ndiyo inatakiwa kusomwa na kikundi kizima, hata wale wasiojua Kifaransa. Mumoja asome, mwengine atafsiri. Kuko kanuni nne za kuweka kwenye ukurasa wenu, na tutazifuata kwa mfano wetu.

Bije ya kikundi ni hii: pompi na mipira ya maji, dola 2.500, mbegu na mbolea, dola 2.500, ghala la kukaushia na kulinda matungulu, dola 4.500, magunia, usafiri, mafundisho na mlinzi, dola 3.500. Jumla ni dola 13.000. Tuseme shirika linatoa asilimia 90 ya gharama zinazokubalika, na kikundi kinaleta 10. Ruzuku itakuwa dola 11.700, na kikundi kitatoa dola 1.300. Kwenye sanduku lao wako na dola 1.800. Kwa macho, mambo iko sawa.

Kanuni ya kwanza: mchango usio makuta kwa kawaida hauhesabiwi. Vijana walikuwa wameandika nguvu zao za kulima kuwa dola 2.000, na shamba kuwa dola 1.500, wakiamini kwamba wameshapita mchango wao. Lakini nguvu za wanamemba na bulongo haziingie katika hesabu kama mwongozo hausemi hivyo wazi. Zinaweza kutajwa katika maelezo, na zinaonyesha moyo wa kikundi. Mchango unaodaiwa unabaki dola 1.300 za kweli.

Kanuni ya pili: gharama ya mbele ya mkataba haikubaliwi. Proje inaanza siku iliyoandikwa katika mkataba, na kitu kilichonunuliwa mbele ya siku ile ni chenu, hakihesabiwi. Sasa fikirini. Mwezi wa tano unafika, kiangazi kimeanza, muuzishaji wa pompi anapunguza bei mpaka dola 900. Mumoja anasema: «Tununue sasa, kisha batatulipa.» Wakinunua, sandukuni kunabaki dola 900. Pompi haihesabiwi kama mchango, na dola 400 zinakosekana kwa kufikia 1.300. Pompi wako nayo, lakini mkataba hawawezi kuutia sahihi. Kama pompi inahitajika kweli kwa msimu huu, waweke kwanza dola 1.300 kando, na wanunue paka na zile 500 zinazobaki, ao wakodi.

Kanuni ya tatu: asilimia inatembea na matumizi ya kweli. Watu wanafikiri dola 11.700 ni zawadi iliyokatwa. Hapana. Mwishoni wanahesabu gharama zilizokubaliwa, kisha wanachukua asilimia 90 yake. Tuseme wametumia dola 13.000 zote, lakini dola 1.000 za usafiri hazina resi. Gharama zilizokubaliwa zinakuwa 12.000, na ruzuku inashuka mpaka 10.800. Kama walishapokea zote 11.700, wanapashwa kurudisha 900. Resi moja isiyo na tarehe, isiyo na jina la kikundi, ao iliyoandikwa upya na kalamu, inafanya kazi ileile ya mwizi.

Kwetu hii ni ngumu, ju ya mama anayeuzisha samadi ya kuku hana fakture, na mwenye pikipiki hana hata kalamu. Mwongozo hautasema wafanye nini. Waulize shirika mbele ya kutia sahihi kama karatasi ya kupokea makuta inakubaliwa: tarehe, kazi ao kitu, kiasi, jina na sahihi ao kidole cha aliyepokea, na majina ya washahidi wawili wa kikundi. Jibu liandikwe. Jibu la mdomo halitawasaidia siku kontable mupya anakuja kuangalia. Dosie ya resi zote ilindwe mahali pakavu kwa miaka mitano kisha malipo ya mwisho, ju ya ukaguzi unaweza kuja hata wakati proje imesahauliwa.

Kanuni ya nne: kuko vitu visivyolipwa hata mukileta resi nzuri. Madeni ya kikundi, faida ya mkopo, hasara ya kubadilisha makuta, na kitu kilichokwisha kulipwa na mufadhili mwengine. Ile ya kubadilisha makuta tuiangalie vizuri. Mkataba ukihesabiwa kwa euro na ninyi mkinunua kwa dola ao kwa franka, mwanya wa bei ni juu yenu. Katika bije musiweke bei ya leo hasa bila nafasi yoyote.

Namna wanavyohukumu

Katika miito mingi ya Umoja wa Ulaya, ombi linaanza na andiko fupi la wazo. Linahukumiwa juu ya pointi 50, na lenye kupata chini ya 30 linatoka. Kupita 30 hakutoshi tena: maombi yanapangwa kwa mufuatano wa pointi, na yanachukuliwa mpaka makuta yaliyopangwa kwa hatua ile yafike mwisho. Waliochaguliwa ndio wanaombwa dosie nzima. Kiasi kilichotajwa katika andiko la kwanza hakiwezi kisha kubadilika kupita asilimia 20. Kwa hiyo hata andiko fupi linataka bije ya kweli nyuma yake.

Ruzuku ndogo iko na hukumu yake yenyewe, iliyopangwa na shirika, lakini shauri ni lile lile: chukueni karatasi ya pointi iliyo katika mwongozo na mujipe pointi wenyewe. Pale ulizo linasema «wanufaika wametajwa wazi?», musijibu «vijana wa Lubumbashi». Jibuni: «wanamemba kumi na tano, kati yao wasichana saba, wenye kulima robo tatu ya ekta kila kiangazi». Mwenye kuhukumu hawajui ninyi, anajua paka kilichoandikwa.

Kama ni shirika kubwa ndilo linatuma, linatumia mtandao kwa kujiandikisha na kwa kutuma. Saa ya mwisho ni saa ya Brusel. Lubumbashi na Brusel ziko sawa wakati wa kiangazi cha Ulaya, tangu mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Miezi mingine sisi tunatangulia kwa saa moja. Lakini umeme na mtandao wetu tunavijua. Mutu asingojee saa ya mwisho.

Kalenda ya ofisi na kalenda ya shamba

Hapa tunasema kama wagronomu. Tangu mwito utoke mpaka mkataba utiwe sahihi, mara nyingi zaidi ya nusu mwaka inapita. Ruzuku ndogo inakuja tena kisha pale, ju ya shirika linapashwa kwanza kupata mkataba wake. Matungulu ya kiangazi hayangojei. Kitalu kinapandwa mwisho wa mvua, miche inahamishwa mwanzo wa kiangazi, na kuvuna kunapashwa kwisha mbele ya mvua kurudia, la sivyo vichwa vinaoza shambani.

Kama makuta yanafika mwezi wa saba, msimu umepita. Kikundi kikipanda ju ya kuonyesha kwamba kazi imeanza, miche itakomaa wakati wa mvua, na mavuno mabaya yataandikwa katika raporo ya kwanza. Kwa hiyo katika mpango wa kazi musiandike majina ya miezi. Andikeni «mwezi wa 1, mwezi wa 2» tangu siku ya mkataba, na muweke kazi mbili mbele zisizofuata msimu, kama kujenga ghala na kufundisha uandishi wa hesabu. Tena muombe muda wenye kuwa na kiangazi kizima ndani yake, hata mkataba ukianza wakati mubaya. Miezi kumi na nane inatosha karibu kila mara. Miezi kumi na mbili inaweza kukata mavuno katikati.

Ukurasa mumoja wa kikundi chetu

Basi, kisha kusoma, kikundi cha Kenya kinabandika ukutani karatasi hii:

1. Kiasi cha chini ni euro 200.000. Wenyewe hatuwezi. Tunatafuta ruzuku ndogo.
2. Ruzuku ndogo imeruhusiwa katika mwongozo? Ndiyo, namba 2.1.4. Shirika gani linaandika ombi? Tulione wiki hii.
3. Utu wa sheria: hatuna. Ulizo la maandishi litumwe mbele ya siku 21. Koperative yetu kubwa iulizwe kama itatubeba.
4. Bije dola 13.000, ruzuku 11.700, sisi 1.300 kwa makuta. Nguvu na shamba hazihesabiwi.
5. Dola 1.300 haziguswe. Hakuna kununua kitu cha proje mbele ya tarehe ya mkataba.
6. Karatasi ya kupokea makuta: tupate jibu lililoandikwa.
7. Muda: miezi 18. Ghala kwanza, matungulu kwa kiangazi kinachofuata.

Mstari wa 5 ndio unaleta mabishano katika kikundi, ju ya makuta iko pale na shamba linaita. Tunashauri uamuliwe katika mkutano, uandikwe katika peve, na watu watatu washike konti pamoja. Na kama jibu la ulizo la 3 ni hapana, na koperative kubwa inakataa kuwabeba, mwito huu si wenu. Dola 1.800 ziko bado sandukuni, na mwezi wa tano pompi inaweza kununuliwa bila kuuliza mutu.